Tatuu mpya, sikio au pua iliyotogwa: wekundu na majimaji ya kupona, na wekundu na majimaji ya maambukizi

Mtu aliyechorwa tatuu, au aliyetogwa sikio au pua, ana kidonda, na kidonda chochote kipya huwa chekundu, huvimba kidogo na hutoa majimaji. Kwa hiyo kujua kwamba pamekuwa pekundu na panatoa maji hakutoshi kutenganisha kidonda kinachopona na kilichoingiwa na vijidudu, kwa sababu dalili hizo mbili ziko pande zote mbili. Kinachotenganisha ni mwelekeo. Kidonda kinachopona hufikia kilele cha maumivu, joto na uvimbe ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo, kisha hushuka. Kilichoambukizwa ama hakishuki kabisa, ama hushuka kidogo halafu kikaanza kupanda upya. Ulinganisho huu unakusudiwa kumsaidia msomaji kuamua jambo moja, yaani aendelee kukisafisha kidonda nyumbani au aende kwa daktari leo. Nimekaa zaidi kwenye sehemu ya juu ya sikio, kwa kuwa huko ndiko kusubiri kunakogharimu kuliko kwingine.

Majimaji na usaha

Sindano ya tatuu huuacha wino kwenye tabaka la pili la ngozi, katika kina cha takribani milimita 1 hadi 2, na ili ufike huko lazima ngozi ya juu itobolewe mara nyingi mno. Katika siku moja au mbili za kwanza ngozi hiyo hutoa majimaji mepesi, yasiyo na rangi au yenye umanjano hafifu, yaliyochanganyika na damu kidogo na wino uliozidi. Ukiamka na kukuta mchoro wako umejipiga chapa kwenye shuka, kwa rangi zile zile, hiyo ni kawaida. Majimaji hayo yakikauka huacha ukoko mwembamba, na baada ya siku chache ukoko huo hubanduka pamoja na ngozi iliyokufa.

Kwenye tundu la hereni au kipini mambo huenda polepole zaidi. Kitu kigeni kimekaa katikati ya kidonda, na mwili unajenga ngozi mpya kukizunguka, hivyo majimaji meupe au ya manjano hafifu huendelea kutoka kwa wiki kadhaa na kukauka kama vigaga vidogo kwenye mhimili wa hereni. Watu wengi huviita vigaga hivyo usaha na kuanza kutafuta dawa, ilhali ni chembe za ngozi zilizokufa na majimaji ya mwili yaliyokauka.

Usaha wenyewe una sura nyingine. Ni mzito, hauonyeshi upande wa pili, rangi yake ni manjano iliyokolea, kijani au kijivu, mara nyingi hunuka, na ukiufuta hurudi upesi. Palipo na shaka, loanisha kipande cha shashi safi kwa maji ya chumvi, kiweke juu ya tundu kwa dakika chache mpaka kigaga kilainike, kisha ufute taratibu bila kukwangua. Baada ya nusu saa gusisha kipande kingine kikavu. Doa jepesi la maji linaloenea kwenye shashi ni majimaji ya kupona. Donge zito linalokaa juu ya shashi bila kuenea ni usaha. Usibonyeze pembeni mwa tundu ili kulitoa, kwa kuwa kubonyeza husukuma vijidudu ndani zaidi. Aliyechorwa tatuu yenye rangi ya kijani au ya manjano asihukumu kwa rangi ya majimaji siku ya kwanza, kwani huenda anachokiona ni wino tu. Aangalie uzito na harufu.

Wekundu ambao hauonekani mwekundu

Maelezo mengi ya kitabibu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ambayo wekundu wake huonekana toka mbali. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, sehemu iliyowaka huenda ikaonekana ya zambarau, ya kahawia iliyokolea, au nyeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, na katika tatuu yenye wino mweusi huenda mabadiliko yasionekane kabisa. Hapo mkono ni shahidi mzuri kuliko jicho. Weka mgongo wa vidole juu ya kidonda, kisha uuweke mahali hapo hapo upande wa pili wa mwili: sikio kwa sikio, bega kwa bega. Tofauti ya joto iliyo wazi katika siku ya kwanza inaeleweka. Ikiwa bado ipo siku ya tano na inaongezeka, hiyo ni dalili. Angalia pia mng'ao. Ngozi iliyovimba kwa maambukizi hujikaza na kung'aa, na ukiigusa ni ngumu kuliko ilivyokuwa jana.

Ili kujua kama eneo linaenea, chora mstari kwa kalamu kwenye ukingo wa sehemu yenye joto au ugumu, na uandike saa pembeni. Wekundu wa kupona hubaki ndani ya mstari na kurudi nyuma kuelekea tundu au mchoro. Ukivuka mstari ndani ya saa chache au kufikia kesho yake, usiendelee kuutazama. Nenda kituo cha afya. Mstari mwekundu au mweusi unaopanda kutoka kwenye kidonda kuelekea kwapani, kinenani au shingoni, pamoja na tezi zilizovimba na kuuma, maana yake ni kwamba maambukizi yameingia kwenye mishipa ya limfu, na hiyo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Maumivu na kalenda

Tatuu mpya huuma kama ngozi iliyoungua kwa jua, na maumivu hayo hupungua sana kufikia siku ya tatu. Kuanzia siku ya nne hivi hadi wiki ya pili ngozi hubanduka na kuwasha, wakati mwingine kwa namna ya kumkosesha mtu raha. Ngozi ya juu hufunga ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa tabaka za chini huchukua muda zaidi. Muwasho wa kipindi hicho, bila maumivu wala joto, hauashirii maambukizi.

Maambukizi ya kawaida ya bakteria kwenye tatuu hujitokeza zaidi katika siku za mwanzo hadi wiki ya pili, na husababishwa mara nyingi na stafilokokasi au streptokokasi, vijidudu ambavyo watu wengi huishi navyo kwenye ngozi bila madhara. Alama yake ni maumivu yanayorudi baada ya kupungua, yanayopwita kwa kufuata mapigo ya moyo na kumwamsha mtu usiku.

Kwa matundu, ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, pua huchukua miezi kadhaa, na gegedu, yaani ile sehemu ngumu inayopindika ya juu ya sikio, huweza kuchukua hadi mwaka. Kipindi hicho kirefu kina vishindo vyake. Hereni ikinaswa na mtandio au shati linapovuliwa, tundu la mwezi wa tatu linaweza kuwaka upya na kutoa majimaji kana kwamba limetogwa jana. Kama chanzo kinajulikana na hali inatulia ndani ya siku mbili, hayo ni majeraha madogo. Kama hakuna kilicholigusa na limewaka lenyewe, likague upya kwa vigezo vilivyotajwa.

Ndewe na gegedu si sikio moja

Hapa ndipo ulinganisho unapobadilisha uamuzi. Ndewe ni ngozi na mafuta yenye damu nyingi. Ikiambukizwa, mwili hufikisha askari wake pale kwa urahisi, na mara nyingi maambukizi madogo hutulia kwa usafi na, ikibidi, dawa. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba unaolifunika, na usaha ukikusanyika kati ya utando na gegedu, chakula hukatika. Gegedu lililokosa damu hufa, na lililokufa halioti tena. Sikio hujikunja na kubaki na umbo hilo maisha.

Kijidudu kinachopenda mahali hapo ni sudomonasi, ambaye huishi kwenye unyevunyevu: sinki, bomba, chupa ya dawa iliyochanganywa na maji na kuachwa muda mrefu. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, kibanda kimoja cha kutoga masikio kilikuwa chanzo cha maambukizi ya namna hiyo, na chupa ya kupulizia dawa ya kuua vijidudu ilikutwa imechafuliwa na bakteria huyo huyo. Wagonjwa 7 waliothibitishwa wote walikuwa wametogwa kwenye gegedu, na baadhi yao walibaki na masikio yaliyoharibika umbo. Bunduki ya kutogea huongeza hatari, kwa kuwa husukuma hereni isiyo na ncha kali na kuliponda gegedu badala ya kulitoboa, na sehemu zake za plastiki hazistahimili kuchemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Kwa maoni yangu bunduki hiyo isikaribie kabisa sehemu ya juu ya sikio, hata kama duka linang'aa.

Chukulia marafiki wawili waliotogwa Ijumaa moja, duka moja, mmoja kwenye ndewe na mwingine juu ya sikio. Ijumaa usiku wote wawili wana wekundu wa ukubwa wa sarafu na wanaumia. Jumapili wote wamepata nafuu. Jumanne wa ndewe ana vigaga vya manjano hafifu na anaweza kuzungusha sikio lake bila kulia. Yeye anaendelea na maji ya chumvi. Wa gegedu, Jumanne hiyo hiyo, anashindwa kulalia upande ule, na akikunja kidogo ukingo wa sikio maumivu yanasambaa sikio zima ingawa tundu ni dogo. Jumatano mikunjo ya juu ya sikio imeanza kupotea kwa uvimbe, ngozi inang'aa, lakini ndewe yake iko laini, baridi na haiumi.

Hali hiyo ya ndewe ndiyo inayosema kila kitu. Ndewe haina gegedu, hivyo sikio lililovimba juu na kusalimika chini linaashiria maambukizi ya utando wa gegedu. Sikio lililowaka lote, pamoja na ndewe, linaelekeza zaidi kwenye maambukizi ya ngozi, ambayo nayo yanahitaji tiba lakini kwa dawa nyingine.

Wengi katika nafasi ya rafiki huyu hununua kapsuli za amoksilini, humeza chache na kuifungua nyingine ili kuunyunyizia unga kwenye tundu. Unga huo hauponyi. Huganda na kufunika njia ya usaha kutoka. Wala kuzimeza hakusaidii, kwa sababu sudomonasi haathiriwi na amoksilini. Akisubiri hadi Ijumaa ya pili ili "dawa ifanye kazi", huenda akakuta jipu linalobonyea chini ya kidole na majimaji ya kijani, na hapo vidonge peke yake havitoshi. Jipu hupasuliwa na daktari. Angekwenda Jumanne jioni au Jumatano, angevuliwa hereni na kupewa dawa inayomfikia sudomonasi, kwa kawaida siprofloksasini au nyingine ya kundi lake, ambayo daktari huichagua kwa kuzingatia umri, ujauzito na dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Kwa hiyo kanuni ya gegedu ni kali kuliko ya mahali pengine: maumivu yakipanda baada ya kushuka, usihesabu siku nyingine nyumbani.

Pua

Pua huchanganya kwa sababu kamasi hujiunga na majimaji ya kidonda, hasa mtu akipata mafua. Takribani mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi ndani ya pua, hivyo kidole kinachozungusha kipini kutokea ndani huhamisha vijidudu moja kwa moja. Kinundu chekundu, chenye unyevu, kinachotoa damu kirahisi lakini kisichouma sana pembeni mwa kipini mara nyingi ni nyama changa iliyootea kwa msuguano, na hutulia kipini kikiachwa bila kuchezewa. Tofauti na hicho, uvimbe unaouma na kupanda kuelekea jicho, pamoja na homa au kichwa kikali, ni dharura, kwani mishipa ya damu ya eneo hilo imeungana na ile ya ndani ya fuvu.

Vinavyofanana na maambukizi lakini si maambukizi

Mzio wa nikeli ndio unaopotosha watu zaidi. Hereni za bei rahisi na nyingi za kuchovya zina nikeli, na mwenye mzio hupata muwasho mkubwa, vipele vidogo vya maji na ngozi inayotoa majimaji mepesi, mara nyingi kwenye masikio yote mawili na kila hereni inapogusa. Maambukizi huuma zaidi ya yanavyowasha, na kwa kawaida hukaa upande mmoja. Mzio hautibiwi kwa antibiotiki; hereni hubadilishwa kwa ya titani au ya dhahabu isiyochanganywa na nikeli.

Kwenye tatuu, uvimbe unaofuata rangi moja tu, hasa nyekundu, na kuziacha rangi nyingine shwari, ni mzio wa wino, na unaweza kutokea wiki au miezi baada ya kuchorwa. Kinyume chake, vipele vigumu vinavyoota kwenye kivuli cha kijivu wiki moja hadi tatu baada ya kuchorwa, visivyo na homa na visivyosikia antibiotiki za kawaida, vinaweza kuwa vya mikobakteria. Ndivyo ilivyotokea Rochester, New York, mwishoni mwa 2011, ambapo wino wa kijivu uliokwishachanganywa ulikuwa na bakteria hao kabla ya kufika kwenye sindano. Hapo kipande kidogo cha ngozi hupimwa maabara, na tiba huchukua miezi. Uvimbe mgumu, mkavu, unaokua polepole kupita mipaka ya tundu miezi baadaye ni keloidi, na hauna uhusiano na vijidudu.

Nyumbani, na mlangoni mwa daktari

Kidonda chenye mwelekeo mzuri kinahitaji kidogo. Tundu lisafishwe mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi ya dripu kutoka duka la dawa, au kwa robo kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya mililita 250 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tatuu ioshwe kwa sabuni isiyo na manukato, ikaushwe kwa kugusagusa na kupakwa mafuta kwa utando mwembamba sana, maana mafuta mazito huifanya ngozi ilowe. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua hata chembe changa zinazofunga kidonda. Uzi na njiti ya ufagio zinazowekwa badala ya hereni hufyonza uchafu na kuukalisha ndani. Bahari na bwawa viepukwe mpaka ngozi ifunge. Kwa mwenye ugonjwa wa ini hilo si ushauri wa tahadhari tu, kwani baadhi ya bakteria wa maji ya bahari yenye joto huingia kwenye tatuu mbichi na kusambaa mwilini kwa kasi.

Ndewe ikionyesha maambukizi madogo, hereni isivuliwe kwa pupa, kwa kuwa tundu hufunga na kuuzuia usaha ndani. Mwachie daktari aamue. Isipokuwa sahani ya nyuma inapozama kwenye nyama, hapo iende ikatolewe siku hiyo. Homa, kutetemeka, wekundu unaovuka mstari wa kalamu, maumivu yanayopanda kwenye gegedu, au maambukizi yoyote kwa mwenye kisukari au kinga dhaifu, yote ni ya leo. Asiyekumbuka chanjo yake ya pepopunda aitaje pia, hata kama kidonda ni kizuri.

Ukifika, mweleze daktari tarehe uliyotogwa au kuchorwa, kama ilikuwa bunduki au sindano, ulichokipaka, na kila kidonge ulichomeza pamoja na idadi yake, hata kama ni viwili tu ulivyopewa na jirani. Vidonge hivyo viwili huweza kuvidhoofisha vijidudu kiasi cha kutoota maabara, na majibu yakarudi kuwa hakuna kitu ilhali sikio linaendelea kuvimba.